Kontrola inawaka, gemu haiioni: namna ya kuipitisha kwa x360ce

Unachomeka kontrola, taa nyekundu inawaka, Windows inalia ule mlio wake wa kupokea kifaa, halafu unafungua gemu na hakuna kinachotikisika. Mipangilio ya gemu inasema hakuna kontrola. Unairudisha dukani kwa hasira, muuzaji anaichomeka kwenye kompyuta yake, anafungua gemu ya mwaka arobaini na saba, gari linakimbia bila tatizo. Mnabaki mnatazamana.

Hakuna anayedanganya hapo. Kontrola ni nzima, ila inazungumza lugha ambayo gemu yako haikufundishwa. Mwongozo huu ni wa kumweka mkalimani katikati yao. Nimechukua kontrola ambayo naamini wengi wetu tunayo: ile yenye umbo la PlayStation 2, waya wa USB, vitufe 12 na kitufe cha ANALOG katikati, inayouzwa Kariakoo na Luthuli bila jina la maana kwenye boksi. Gemu niliyoifanyia kazi ni ya mbio za magari, nayo nimeichagua makusudi, maana kwenye magari ndiko udhaifu wa kontrola hizi unakojitokeza.

Kwa nini haionekani

Kwenye Windows kuna njia mbili kuu ambazo gemu hutumia kusikiliza kontrola. Ya zamani inaitwa DirectInput. Hiyo haijali umbo la kifaa: inapokea kitufe namba 1, namba 2, mhimili wa X, mhimili wa Y, na kazi ya kuamua kipi ni gesi na kipi ni breki inabaki kwa gemu au kwa mchezaji. Ya pili ni XInput, iliyokuja na kontrola ya Xbox 360 mwaka 2005. Yenyewe ina ramani moja tu isiyobadilika: A, B, X, Y, vitufe viwili vya mabegani, traiga mbili, vijiti viwili, mishale, Back na Start. Mtengenezaji wa gemu akitumia XInput hahitaji kuuliza maswali, maana kila kontrola inayofika kwake ina umbo lilelile. Ndiyo maana gemu nyingi za baadaye zikasikiliza XInput peke yake.

Kontrola yetu inaongea DirectInput tu. Mkalimani anayeitwa x360ce anaisikiliza kwa DirectInput, anatengeneza kontrola ya Xbox 360 ya kubuni ndani ya kompyuta, na kila ukibonyeza kitufe halisi yeye anabonyeza kile cha kubuni. Gemu inaiona hiyo ya kubuni na kuridhika.

Kwanza hakikisha Windows yenyewe inaisikia

Usipakue chochote bado. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi kisha Enter:

```
joy.cpl
```

Dirisha dogo litafunguka likiwa na orodha ya kontrola. Yangu inajiita Generic USB Joystick. Ichague, bofya Properties, utaona uwanja wa kufanyia majaribio: msalaba unaotembea na kijiti cha kushoto, na duara zenye namba zinazowaka kila unapobonyeza kitufe.

Kama orodha ni tupu, tatizo liko chini zaidi, kwenye waya au tundu la USB, na hakuna mkalimani atakayekusaidia. Badilisha tundu, acha kupitia kigawanyio cha USB, jaribu kompyuta nyingine. Mkalimani hawezi kutafsiri asichokisikia.

Kama imo kwenye orodha, kabla ya kuendelea tazama ile taa ya ANALOG. Hili limenipotezea jioni nzima, kwa hiyo nalieleza taratibu. Taa ikiwa imezimika, kontrola hizi hujigeuza kuwa za kizamani: mishale inajifanya kijiti cha kushoto na kijiti chenyewe kinakufa, na cha kulia kinaweza kuanza kubonyeza vitufe vinne vya upande wa kulia. Bonyeza ANALOG taa iwake, kisha uangalie tena kwenye dirisha la majaribio. Sasa kijiti cha kushoto kinasogeza msalaba, mishale inazungusha alama ya Point of View Hat, na cha kulia kinasogeza mistari ya Z Axis na Z Rotation. Ukipanga vitufe taa ikiwa imezimika, siku utakayoiwasha kila kitu kitavurugika, nawe utadhani programu ndiyo imeharibika.

Sasa chukua kalamu. Bonyeza kitufe kimoja kimoja na uandike namba inayowaka. Kwenye yangu pembetatu ni 1, duara 2, msalaba 3, mraba 4, L1 ni 5, R1 ni 6, L2 ni 7, R2 ni 8, Select 9, Start 10, na kukandamiza vijiti ni 11 na 12. Yako inaweza kutofautiana, hasa kwenye L1 na L2, ambazo baadhi ya kontrola huzibadilishana. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa baadaye, pale programu itakapobahatisha vibaya.

Kumweka mkalimani

Pakua x360ce toleo la 4 kutoka x360ce.com. Jina hili lina waigaji wengi, kwa hiyo usichukue faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp wala la tovuti inayokutaka uzime antivirasi kwanza. Fungua faili la zip, toa x360ce.exe na uiweke kwenye folda yake yenyewe, tuseme `C:\x360ce`. Kwenye toleo la 4 huhitaji kuiweka ndani ya folda ya gemu.

Ukiifungua mara ya kwanza itakagua kompyuta, na kichupo cha Issues kitakuonyesha kinachokosekana. Mara nyingi ni draiva inayoitwa ViGEmBus, ambayo ndiyo inayozaa kontrola ya kubuni. Kubali isakinishwe, Windows ikiomba ruhusa ya msimamizi ipe, kisha uwashe kompyuta upya. Mwenye draiva hii alisitisha kuiendeleza mwaka 2023, kwa hiyo usisubiri toleo jipya. Lililopo linafanya kazi kwenye Windows 10 na 11. Kuthibitisha kwamba imeingia, fungua Device Manager, panua System devices, utafute mstari wenye maneno Virtual Gamepad Emulation Bus.

Rudi kwenye x360ce. Nenda kichupo cha Games, bofya Add... na uchague faili la exe la gemu yako. Angalia usichague kile kidirisha cha kuanzishia chenye kitufe cha Play. Tunataka faili lile ambalo gemu yenyewe inakimbia nalo. Kisha kichupo cha Controller 1, bofya Add..., chagua kontrola yako kwenye orodha, halafu weka alama kwenye kisanduku cha Enable. Rudi kwenye joy.cpl: sasa kuna vifaa viwili, ile ya zamani na mpya inayoitwa Controller (XBOX 360 For Windows). Ukiiona hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kupanga vitufe

Bofya Auto kwanza. Programu itajaza nafasi zote kwa kubahatisha kutokana na aina ya kontrola, na mara nyingi itapatia vijiti ikakosea vitufe vya rangi. Kukosea kwenyewe kuna mantiki: Xbox inaanza kuhesabu kutoka A, iliyo chini, wakati kontrola yetu inaanza kutoka pembetatu, iliyo juu. Hapo ndipo unapokuta umebonyeza msalaba ili ukubali, na gemu inapokea X badala ya A.

Kurekebisha, bofya nafasi ya A, kwenye menyu inayoshuka chagua [Record], kisha bonyeza kitufe cha msalaba kwenye kontrola. Namba itajiandika. Fanya hivyo kwa kila kimoja, ukifuata mahali kitufe kilipo na si alama iliyochorwa juu yake: kilicho chini ni A, cha kulia ni B, cha kushoto ni X, cha juu ni Y. Gemu itakuonyesha picha za vitufe vya Xbox, vidole vyako navyo vitajua nafasi.

[Record] ina tabia moja ya kuudhi. Ikiwa kijiti chako kimechakaa na kinatikisika chenyewe, inaweza kunasa mtikisiko huo kabla hujabonyeza chochote, ukajikuta A imefungwa kwenye mhimili. Hapo ndipo karatasi inapofanya kazi: fungua menyu ileile, ingia Buttons, uchague namba kwa mkono.

Ukimaliza, kontrola kama yangu itakuwa na mpangilio huu. Nimeuandika kwa mtindo wa faili la mipangilio la toleo la 3, kwa sababu unasomeka kwa haraka:

```
A=3
B=2
X=4
Y=1
Left Shoulder=5
Right Shoulder=6
Left Trigger=7
Right Trigger=8
Back=9
Start=10
Left Thumb=11
Right Thumb=12
Left Analog X=1
Left Analog Y=-2
Right Analog X=3
Right Analog Y=-6
D-pad POV=1
```

Tazama zile alama za kutoa kwenye mihimili ya Y. DirectInput huhesabu Y kutoka juu kwenda chini, XInput huhesabu kinyume. Bila kugeuza, ukisukuma kijiti juu mchezaji wako anarudi nyuma. Kwenye toleo la 4 kugeuza huko kunaonekana kama IAxis badala ya Axis. Huhitaji kukokotoa: sukuma kijiti juu, utazame alama kwenye picha ya kontrola ndani ya programu. Ikishuka, geuza.

Bofya Save All. Acha programu ikiwa wazi, uipunguze tu chini, kisha ndipo ufungue gemu. Utaratibu huu una sababu. Kontrola ya kubuni inaishi muda ambao x360ce inaishi, na gemu nyingi hutafuta kontrola mara moja tu zinapoanza. Ukifungua gemu kwanza, utarudi palepale ulipoanzia.

Gesi inayojua mambo mawili tu

Kwenye gemu yangu ya magari kila kitu kiliitika, lakini gari lilikuwa halitulii. Kila nikitoka kwenye kona linazunguka kama pia. Nilitazama picha ndani ya x360ce na jibu likawa pale: nikigusa R2 kidogo tu, kipimo cha traiga kinaruka kutoka 0 hadi 255 bila kupita katikati. Traiga ya Xbox inapima umeikandamiza kwa kiasi gani. R2 ya kontrola yetu ni kitufe tu, imebonyezwa au haijabonyezwa. Mkalimani hawezi kutafsiri neno ambalo halikusemwa, na hakuna mpangilio utakaoipa R2 hiyo nusu gesi.

Lakini kijiti cha kulia kinapima, na kwenye gemu ya magari kazi yake ni kuzungusha kamera tu. Basi nilikipa gesi na breki. Ondoa Right Analog Y kwenye ramani. Kisha nafasi ya traiga ya kulia, badala ya Button 8, fungua menyu ya Axes na uchague nusu ya mhimili wa 6 iliyogeuzwa, inayoandikwa IHAxis 6. Traiga ya kushoto ipe HAxis 6. Maana yake: kijiti kikisukumwa kutoka katikati kwenda juu ni gesi, kikivutwa kutoka katikati kwenda chini ni breki. Kama kwako vimekuja kinyume, vibadilishane.

Hasara yake ni kwamba huwezi kushika gesi na breki kwa pamoja, jambo ambalo wanaoteleza kwenye kona hulitaka. Mimi nimekubali. Gemu za mpira na za mapigano hazina shida hii, huko acha 7 na 8 kama zilivyo.

Kijiti kinachojiendesha, na kile kilichokufa katikati

Haya ni malalamiko mawili yanayotibiwa sehemu moja, na watu huyachanganya.

La kwanza: hujagusa kitu na gari linakwenda kushoto. Kijiti kimechakaa, hakirudi katikati sawasawa. Kwenye kichupo cha kijiti cha kushoto, ongeza Dead Zone kidogo kidogo mpaka alama itulie. Kwangu 8% ilitosha. Acha pale pale inapotulia, usiongeze kwa hofu.

La pili ni kinyume chake: unasukuma kijiti na hakuna kinachotokea mpaka ufike karibu robo ya safari, kisha gari linakata kona ghafla. Hapa gemu nayo ina eneo lake la kupuuza. Microsoft inawapa watengenezaji kipimo cha kuanzia cha 7849 kati ya 32767 kwa kijiti cha kushoto, ambayo ni kama 24%, na wengi hukitumia kama kilivyo. Ukiongeza juu yake eneo lako mwenyewe, unapoteza mwendo mwingi. Dawa ni Anti-Dead Zone: inamwambia mkalimani kwamba kijiti kikishavuka eneo langu, ruka moja kwa moja hadi pale gemu inapoanza kusikia. Anza na 20%, ingia kwenye gemu, upande polepole hadi pale mguso mdogo unapogeuza usukani kidogo. Gari likianza kutetemeka lenyewe kwenye njia iliyonyooka, umepitiliza. Rudi nyuma.

Mbonyezo mmoja, hatua mbili

Ukibonyeza mshale mara moja na menyu ikaruka nafasi mbili, gemu yako inasikia pande zote: kontrola halisi na ile ya kubuni. Kabla ya kusakinisha chochote, angalia kama gemu inafunguliwa kupitia Steam. Steam ina mkalimani wake, na wawili wakitafsiri maneno yaleyale ndipo fujo inapoanza. Bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Properties, Controller, kisha uchague Disable Steam Input. Unaweza pia kufanya kinyume, ukamtumia mkalimani wa Steam na kuifunga x360ce kabisa. Chagua mmoja.

Kama Steam haihusiki, tumia HidHide, inayoficha kontrola halisi isionwe na programu nyingine. Fungua HidHide Configuration Client, na anza na kichupo cha Applications: ongeza x360ce.exe huko, ili mkalimani aruhusiwe kuendelea kuiona. Baada ya hapo ndipo uende Devices, uweke alama kwenye kontrola yako na kwenye Enable device hiding, kisha uchomoe waya na kuuchomeka tena. Ukigeuza utaratibu huo, hata x360ce itakuwa kipofu, na utaanza kuisaka kontrola ambayo umeificha mwenyewe.

Pale toleo la 4 linapogoma

Kompyuta ya Windows 7, au ya ofisini ambako huruhusiwi kusakinisha draiva, inaweza kukulazimu kurudi toleo la 3. Hili halina draiva. Linaweka faili la `xinput1_3.dll` ndani ya folda ya gemu, na gemu inapoita maktaba ya XInput inaikuta hiyo kabla ya ile ya Windows.

Makosa hapa ni mawili. Gemu ya biti 32 inataka x360ce ya biti 32, ya 64 inataka ya 64, bila kujali Windows yako ni ipi. Ukikosea utapata ujumbe wa `0xc000007b` na gemu haitafunguka kabisa. Kujua gemu ni ya aina gani, ifungue kabla hujaweka chochote, nenda Task Manager, kichupo cha Details, uongeze safu ya Platform. Kwenye Windows 7 ya biti 64 safu hiyo haipo: tazama kichupo cha Processes, ambako gemu ya biti 32 ina alama ya *32 baada ya jina. Kosa la pili liko kimya: gemu inafunguka lakini haisikii kontrola, kwa sababu inaita maktaba yenye jina jingine. Nakili faili lile ndani ya folda hiyohiyo, uipe nakala jina la `xinput1_4.dll`, na ikishindikana `xinput9_1_0.dll`.

Toleo la 3 usilitumie kwenye gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu. Faili geni la dll ndani ya folda ya gemu ndicho kitu ambacho ulinzi huo umewekwa kukisaka, na akaunti inaweza kufungiwa hata kama ulichotaka ni kusogeza kijiti tu.

Jambo la mwisho linahusu tundu la USB. Kontrola hizi kwa kawaida hazina namba ya utambulisho ya kuzitofautisha, kwa hiyo Windows huzitambua kwa tundu ilikochomekwa. Ukihamia tundu jingine, x360ce inaweza kuiona kama mgeni na ramani yako isionekane. Mimi nimebandika kipande cha soltepu nyekundu kwenye tundu la kontrola ya kwanza na cha bluu kwenye la pili. Mdogo wangu akija kucheza, anachomeka kwenye bluu, nami naongeza kontrola yake chini ya Controller 2.